Tunahama kutoka shiti ya Google kwenda Jira, hali 31 na historia ya miaka mitatu, naomba ushauri

mtoto_wa_kirumba
Wakuu habari za jioni. Tuko watu sita hapa Mwanza, tunatengeneza mfumo wa ankara za maji kwa mteja mmoja, na tangu 2022 kazi zote tunaziandika kwenye shiti moja ya Google. Sasa imefika mistari 640 na haibebeki tena, mtu akipanga upya mwingine anapotea. Tumekubaliana twende Jira, nimepewa uadmini na kazi ya kuhamisha nimeachiwa mimi.

Kolamu ni Na., Kazi, Moduli, Anayehusika, Hali, Kipaumbele, Imeletwa, Imeisha, Maoni. Nimejaribu kuimpoti mara moja kwenye mradi wa majaribio, vitu vimeingia ila vimeingia vibaya. Kwanza tarehe, kazi zote zinaonekana zimeletwa Januari, miaka ni sahihi na siku ni sahihi ila mwezi ni Januari kwa kila kitu. Pili Hali, watu waliandika kwa mkono wanavyojisikia, sijui niziunganisheje. Tatu historia, mteja hutuuliza kazi fulani ilifungwa lini kwa sababu malipo yanafuata hiyo, kwa hiyo siwezi kuja mtupu. Naombeni mnisaidie kabla sijagusa mradi wenyewe.

Mama Kijiko
Pole na kazi. Mimi shiti yangu ya mauzo ya dukani nayo ilijaa hivyo hivyo, nikagawa kila mwezi na karatasi yake chini pale, ikawa nyepesi kabisa. Jaribu hiyo kwanza kabla ya kuhama.

mtoto_wa_kirumba
Asante mama, ila shida yetu sio uzito wa shiti. Ni watu sita kubadilisha hali ya kazi kwa wakati mmoja na hakuna anayejua nani kabadilisha nini.

kipanga_data
Januari hiyo naijua bila kuiona. Pale Jira ilipokuuliza fomati ya tarehe uliandika `dd/mm/yyyy`, sivyo? Kwenye Jira `mm` ndogo ni dakika, mwezi ni `MM` kubwa. Kwa hiyo 15/08/2023 imesomwa tarehe 15, dakika ya 8, mwaka 2023, na mwezi haukutajwa popote ndio maana umeangukia Januari. Fungua tiketi yoyote ya mwezi wa nane uangalie saa iliyoandikwa, utakuta saa sita usiku na dakika nane.

Kinachochanganya ni kwamba ndani ya shiti mwezi unaandikwa kwa ndogo. Mimi hutengeneza kolamu mpya hivi:

```
=TEXT(G2,"yyyy-mm-dd")
```

halafu Jira naiambia `yyyy-MM-dd`. Mwaka ukiwa mbele hakuna wa kubishana siku ipi mwezi upi.

Ila subiri, kabla ya hapo kuna kitu kibaya zaidi. Nenda Faili, Mipangilio, uangalie shiti yako imewekwa nchi gani. Halafu tazama kolamu ya Imeletwa kwa macho tu, kuna tarehe zimelalia kushoto na nyingine kulia?

mtoto_wa_kirumba
Dah. Ni kweli dakika, tiketi ya kwanza inasema 12:08. Na nchi imeandikwa Marekani. Tarehe zimechanganyika, nyingi ziko kushoto, chache kulia, nilidhani mtu alichezea mpangilio tu.

kipanga_data
Basi hapo usiimpoti chochote kwanza. Shiti ya Kimarekani mtu akiandika 15/3/2023 inaona hakuna mwezi wa 15, inaiacha kama maneno, inalalia kushoto. Akiandika 3/4/2023 akimaanisha tarehe tatu Aprili, inaikubali kama Machi nne, inalalia kulia. Kwa hiyo zile zinazoonekana nzuri, za kulia, ndizo zilizogeuzwa, na zile zinazoonekana mbovu ndizo ziko salama. Ukibadilisha nchi sasa hivi hazijirekebishi, kwa sababu ndani imeshahifadhiwa Machi, itakachobadilika ni sura tu.

Kolamu ya pembeni, zile ambazo `ISNUMBER` inasema TRUE uzigeuze:

```
=DATE(YEAR(G2),DAY(G2),MONTH(G2))
```

na zile za maneno uzitenganishe kwenye mkwaju. Lakini hii inafaa tu kama timu nzima iliandika siku kwanza. Kama kuna mmoja wenu kompyuta yake aliandika mwezi kwanza, chukua kama tarehe kumi uzilinganishe na meseji za mteja kabla ya kugeuza zote.

dada_wa_QA
Naongezea kwenye tarehe, kolamu ya Na. nayo iangalie. Kama ni fomula ya `=ROW()-1` basi kazi namba 212 leo sio 212 ya mwaka jana kama mtu aliwahi kupanga upya. Igandishe iwe namba kavu sasa hivi, kopi halafu bandika thamani tu, kisha uiweke Jira kwenye sehemu yake mwenyewe, sisi tuliita Namba ya Zamani. Watu wataendelea kusema "ile 212" miezi na miezi na wanahitaji kuitafuta.

sele_developa
Hali ni rahisi mbona. Done iwe Done, zingine zote To Do au In Progress, kazi imeisha. Na historia usijisumbue, CSV haibebi historia, anza upya shiti ibaki makumbusho.

kipanga_data
Sele hapo una nusu. Orodha ya mabadiliko, ile inayosema fulani alitoa To Do akapeleka In Progress siku fulani, hiyo kweli haiji kwa CSV. Chati zinazohesabu kazi imekaa siku ngapi kila hatua zitaanza kuhesabu siku ya kuimpoti, wala usimwonyeshe mteja. Ila Created na Resolved zinaingia kama tarehe za kawaida ukiimpoti kwa njia ya admini, na mteja anachouliza ni ilifungwa lini, sio ilipita wapi. Kwa hiyo jibu lake lipo, mradi kolamu ya Imeisha imejazwa.

Na Done peke yake haitoshi. Jira ina Status na ina Resolution, ni vitu viwili. Ukiingiza Status Done bila Resolution, tiketi imefungwa kwa macho lakini ripoti inaihesabu kama haijatatuliwa. Ukimaliza majaribio tafuta hivi, ikileta hata moja kuna kosa:

```
project = MAJI AND statusCategory = Done AND resolution IS EMPTY
```

Kirumba tuwekee hapa hizo hali zako 31, na hesabu ya kila moja.

```
=QUERY(ARRAYFORMULA(LOWER(TRIM(E2:E641))),
 "select Col1, count(Col1) where Col1<>'' group by Col1 order by count(Col1) desc")
```

mtoto_wa_kirumba
Nimeendesha, zimeshuka kutoka 31 hadi 14 kwa kuondoa tu herufi kubwa na nafasi za mwishoni, kumbe kulikuwa na "Imeisha" na "imeisha " na "IMEISHA". Zilizobaki: imeisha 371, done 42, inaendelea 58, bado 61, naifanyia kazi 9, inasubiri mteja 37, imeisha bado testi 22, mteja kakataa 14, imerudiwa 8, tumeahirisha 6, na nyingine nne za mstari mmoja mmoja kama "muulize Juma". Jumla 632, nane ziko tupu. Ila kuna jambo, zile za njano maana yake zinasubiri mteja, na si zote zimeandikwa hivyo kwa maneno.

dada_wa_QA
Rangi haitoki kwenye CSV, ukitoa faili njano yote inapotea kimya. Weka filta, chuja kwa rangi ya kujaza, na kwenye kolamu mpya andika "njano" kwa zote zilizoonekana, toa filta, hesabu tena kama idadi inalingana.

kipanga_data
Sasa ukiziangalia hizo 14 utaona kolamu ya Hali ilikuwa inajibu maswali matatu kwa pamoja: kazi iko wapi, inamsubiri nani, na iliishaje. Yatenganishe kuwa kolamu tatu.

Imeisha na done, Status Done na Resolution Done. Mteja kakataa, Status ni Done vilevile lakini Resolution ni Won't Do. Imerudiwa, Done na Duplicate. Bado ni To Do. Inaendelea na naifanyia kazi, In Progress. Imeisha bado testi hizo 22 usizitie Done hata kidogo, hizo ndizo mteja atawabana nazo, tengeneza hali ya Testing kwenye mtiririko wa mradi kabla ya kuimpoti kwa sababu hali isiyokuwepo kwenye mtiririko haitakubali. Inasubiri mteja na za njano mimi ningezitia lebo ya `anasubiriwa-mteja`, hali ibaki pale kazi ilipo, maana kazi inaweza kusubiri mteja ikiwa haijaanza au ikiwa katikati. Zile nne na nane tupu uliza watu, usibuni.

dada_wa_QA
Kwenye kusubiri mteja sikubaliani. Kwetu tuliweka lebo na hakuna aliyekumbuka kuitoa, baada ya mwezi nusu ya bodi inamsubiri mteja aliyeshajibu zamani. Ikiwa kolamu yake kwenye bodi kila mtu anaiona asubuhi.

kipanga_data
Inategemea timu. Kama mnakaa mbele ya bodi kila asubuhi basi iwe hali.

mtoto_wa_kirumba
Na Maoni? Seli moja ina mambo ya mwaka mzima, mfano hii ya namba 212: "12/3 nimempigia mteja anataka risiti iwe na namba ya mita - N. 20/3 imewekwa - J. 2/4 mteja kasema sawa". N. alishaacha kazi.

kipanga_data
Unaweza kurudia kichwa cha kolamu, Comment, Comment, Comment, kila kimoja na komenti moja, Jira itazipanga zote kwenye tiketi ile ile. Ndani ya seli unaandika tarehe, mwandishi, maneno, zimetenganishwa kwa nukta mkato, tarehe kwa fomati ile ile uliyoiambia. Mwandishi ni lazima mfumo umtambue, kwa hiyo ya N. iingie kwa jina lako na ndani ya maneno uanze na "N.:". Usikate seli 640 kwa mkono lakini. Kata zile za kazi ambazo hazijafungwa, za zilizofungwa mwaga seli nzima iwe komenti moja ndefu.

Imeisha iliyo tupu, bonyeza kulia kwenye seli ya Hali, onyesha historia ya kuhariri, mara nyingi utaona nani aliandika imeisha na siku gani. Zipo ngapi?

mtoto_wa_kirumba
Zilizofungwa bila tarehe ni 57. Hiyo ni jioni mbili, naifanya.

sele_developa
Angalizo kutoka kwangu basi, mimi niliimpoti, nikaona kosa, nikarekebisha faili nikaimpoti tena juu yake. Nikapata kila tiketi mara mbili. Futa za kwanza kabla ya kurudia, na lile faili la mipangilio Jira inalokupa mwishoni lihifadhi usianze kuoanisha kolamu upya.

mtoto_wa_kirumba
Mrejesho wakuu. Nimechagua mistari 20 mibaya kuliko yote, 212 ikiwemo, nikaingiza kwenye mradi wa majaribio. Tarehe zimekaa, nililinganisha kumi na barua pepe za mteja, tisa sawa, moja iligeuzwa wakati ilikuwa sahihi tayari kwa sababu aliyeiandika alikuwa mwenzetu anayeanza na mwezi, kwa hiyo mistari yake yote 48 naipitia peke yake. Ile ya resolution ilileta tiketi mbili, zote za "imerudiwa" ambazo niliandika Duplicates kwa wingi na sikuoanisha. Tumechagua kusubiri mteja iwe hali. Ijumaa saa kumi na moja naifunga shiti iwe ya kusoma tu, Jumamosi naingiza zote.

Kilichobaki ni Anayehusika, kuna seli 83 zina watu wawili, "Neema/Juma", na Jira inataka Assignee mmoja. Nimuweke wa kwanza na wa pili aende kwenye sehemu ya pembeni, au niwagawie tiketi mbili?

dada_wa_QA
Kwa zilizofungwa wa kwanza tu na wa pili pembeni. Kwa zilizo wazi waulize wenyewe, utashangaa ngapi kati ya hizo kila mmoja anadhani ni za mwenzake.