Maswali ya "wote, baadhi, hakuna": duara za Euler au za Venn?

Msaka_Ajira
Wakuu, kwenye mitihani ya usaili kuna yale maswali ya taarifa mbili, unaulizwa hitimisho lipi ni lazima lifuate. Kuna wanaochora duara ndani ya duara (Euler), na wanaochora duara tatu zilizopishana kisha wanapaka kivuli (Venn). Ipi inafaa zaidi muda ukiwa mdogo? Mfano huu hapa:

Madereva wote ni waajiriwa. Baadhi ya waajiriwa ni wanachama wa SACCOS.
I. Baadhi ya madereva ni wanachama wa SACCOS.
II. Baadhi ya wanachama wa SACCOS ni waajiriwa.
III. Hakuna dereva aliye mwanachama wa SACCOS.

Chapchap
Euler, bila kupoteza muda. Duara la madereva liweke ndani ya la waajiriwa, la SACCOS likate la waajiriwa. Ukichora hivyo linagusa na madereva, kwa hiyo I na II zote zinafuata.

Mama Hesabu
II ni sahihi, I si sahihi, Chapchap. Umechora picha moja tu inayowezekana ukaifanya ndiyo pekee. Taarifa ya pili inasema SACCOS inakutana na waajiriwa, haijasema inakutana nao upande gani. Sogeza duara la SACCOS likate ukingo wa waajiriwa mbali na madereva: taarifa zote mbili bado ni kweli, lakini I imeanguka. Hitimisho likianguka kwenye picha moja halali, halifuati.

Ndiyo maana anayetumia Euler anatakiwa achore kwa nia ya kulivunja hitimisho. Kwa I, jitahidi kuwatenga madereva na SACCOS. Kwa III, jitahidi kuwakutanisha. Hapa yote mawili yanawezekana, kwa hiyo hakuna linalofuata likiwa peke yake. Kwa II, jaribu kuitoa SACCOS nje ya waajiriwa: huwezi bila kuvunja taarifa ya pili.

Konda_wa_Zamani
Swali lenyewe lina kasoro. Madereva wengi wa daladala hawana mkataba wowote, sasa "wote ni waajiriwa" inatoka wapi?

Mama Hesabu
Ndugu yangu, kwa mtaani uko sahihi, ila mtihani haupimi hilo. Hata wakiandika "paka wote ni ndege", unakubali kwa muda wa swali hilo. Ukiingiza unayoyajua wewe, utakataa hitimisho linalofuata au utakubali lisilofuata.

Fundi Mchoro
Mimi niko upande wa Venn, kwa sababu picha ni moja tu. Chora duara tatu zinazopishana. "Madereva wote ni waajiriwa": paka kivuli sehemu ya madereva iliyo nje ya waajiriwa, maana yake hapo ni patupu. "Baadhi": weka alama ya x pale waajiriwa na SACCOS wanapokutana. Lakini eneo hilo limegawanywa na ukingo wa madereva, nawe hujui x iko upande upi, kwa hiyo iweke juu ya mstari wenyewe. X iliyo juu ya mstari haithibitishi I wala III.

Wengi wanakosea mpangilio. Kivuli kwanza, x baadaye. Chukua hii: *Baadhi ya vitabu ni magazeti. Hakuna gazeti lililo kalamu.* Ukianza na x, itakaa juu ya mstari wa kalamu. Ukianza na kivuli, eneo la magazeti na kalamu linakuwa patupu, na x haina pengine pa kukaa ila kwenye vitabu na magazeti, nje ya kalamu. Jibu linaonekana hapo hapo: baadhi ya vitabu si kalamu. Kinyume chake, "baadhi ya kalamu si vitabu", hakifuati, maana kalamu zote zinaweza kuwa ndani ya vitabu.

Chapchap
Nimekuelewa Mama kuhusu I. Basi jibu la ule mfano ni II pekee.

Mama Hesabu
Tazama machaguo kwanza. Mitihani mingine ina chaguo la "ama I au III". I na III zinapingana kabisa: ama yupo dereva mwanachama, ama hayupo, hakuna hali ya tatu. Chaguo la "II, na ama I au III" likiwepo, ndilo. Lisipokuwepo, ni II pekee.

Na Fundi, zikija taarifa tatu zenye makundi manne, Venn ya duara inakwama. Zinahitajika sehemu 16, na duara nne hazitoi zaidi ya 14. Hapo narudi kwa Euler.

Msaka_Ajira
Na je, "madereva wote ni waajiriwa" inatupa "baadhi ya madereva ni waajiriwa"?

Fundi Mchoro
Kwa Venn, hapana. Kivuli kinasema mahali ni patupu, hakisemi kwamba kuna dereva hata mmoja.

Mama Hesabu
Kwa mitihani mingi ya ajira, ndiyo: kundi likitajwa linachukuliwa kuwa lina watu. Soma maelekezo ya mwanzo, na uangalie swali la mfano kama lipo.

Fundi Mchoro
Na maelekezo yakiwa kimya, mimi bado siwezi kuiwekea x.