Nikining'inia kwenye chuma sekunde 8 vidole vinaachia. Nitafikaje kujivuta hata mara moja?

Dada_Dodoma
Habari za humu wakuu. Nina miaka 31, kilo 72. Lengo langu ni kujivuta chuma mara moja tu, ile ya halali: naanza mikono imenyooka, kidevu kinavuka chuma, bila kurusha miguu. Shida ni kwamba hata kwenye kuvuta kwenyewe sifiki. Nikiachia miguu tu, sekunde ya 8 kidole kidogo kinafunguka, vingine vinafuata. Pushapu napiga 12 safi. Chuma ni bomba ambalo fundi alinichomelea kati ya nguzo mbili uani. Mafunzo mengi ninayoyaona yanaanza na mtu anayeweza kuning'inia nusu dakika. Sisi wa sekunde 8 tuanzie wapi? Natanguliza shukrani.

Chuma_Mboga
Dada usizunguke. Panda stuli, kidevu kiwe juu ya chuma, kunja miguu, halafu shuka taratibu. Mara 10 kila siku. Mtu ana nguvu zaidi akishusha mzigo kuliko akiupandisha, kwa hiyo hapo ndipo utajenga mgongo. Mimi nilipata ya kwanza kwa njia hiyo hiyo.

Kocha_Mstaafu
Chuma_Mboga, kuhusu kushuka taratibu nakuunga mkono, ni dawa nzuri, ila kwa huyu muda wake bado. Kushuka mara moja vizuri kunakula sekunde 5 hadi 10 za mshiko. Huyu akifika katikati vidole vimeshaisha, anadondoka, na bega linapokea kishindo. Na hizo mara 10 kila siku ndizo zinazowaletea watu maumivu ya kiwiko upande wa ndani. Kano huchelewa kuzoea mzigo kuliko misuli.

Dada, kabla ya yote nijibu hili: ukishika hilo bomba, kidole gumba kinafika kwenye ncha za vidole vingine au kuna pengo?

Mrefu_Mtarajiwa
Samahani kuingilia. Kuning'inia kunaongeza urefu kweli? Nina miaka 22.

Kocha_Mstaafu
Hapana mdogo wangu. Uti wa mgongo unajinyoosha kidogo, ukisimama na kutembea unarudi ulivyokuwa.

Dada_Dodoma
Nimetoka kuangalia. Pengo lipo, kama upana wa kidole. Fundi anasema ni bomba la inchi moja na nusu. Tena alilipaka rangi ya mafuta, mkono ukitoka jasho linateleza.

Kocha_Mstaafu
Basi nusu ya tatizo lako ni bomba. Inchi moja na nusu ya mafundi ina karibu milimita 48 kwa nje. Vyuma vingi vya gym vya kujivutia viko kati ya 28 na 32. Chuma kinene hivyo kinakulazimisha kushikilia kwa ncha za vidole, ndiyo maana kidole kidogo kinatangulia kuachia. Mwambie fundi akubadilishie, aweke bomba la inchi moja, ambalo kwa nje ni kama milimita 33, achague lenye ukuta mnene lisije likapinda. Asipake rangi pale unaposhika. Lililopakwa lipigwe msasa.

Sasa mazoezi. Una mizani ya bafuni? Iweke juu ya stuli imara isiyoyumba, chini ya chuma, kwa kimo ambacho ukishika chuma mikono ikiwa imenyooka, miguu inakanyaga mizani na magoti yamekunjwa. Mizani ikisoma 30, maana yake mikono yako imebeba 42 kati ya zile 72. Hapo unajua kabisa umebeba nini, hukisii. Anza na mzigo unaoweza kuushikilia sekunde 20 bila vidole kuteleza. Shika, pumzika dakika moja na nusu, rudia mpaka jumla ifike kama sekunde 90. Siku tatu kwa wiki, usiziunganishe. Ukiona sekunde 30 zinapita kirahisi, punguza unachowapa miguu: mizani isome 20, baadaye 10, mwisho uitoe kabisa.

Wakati mshiko unajengwa, mgongo usikae bure. Tafuta chuma cha usawa wa kiuno, lala chini yake, visigino mbele, mwili umenyooka kama ubao, vuta kifua kiende kwenye chuma. Mara 8 hadi 12, mizunguko mitatu. Ikiwa rahisi, shusha chuma. Miguu inabeba sehemu ya uzito, kwa hiyo vidole havitakukatisha mapema.

Bega_Bovu
Mimi bega langu la kulia lilishawahi kuchomoka nikicheza mpira. Nikining'inia nalegea, nahisi kama linataka kutoka tena. Na mimi nifuate hii ya mizani?

Kocha_Mstaafu
Wewe usining'inie kwa kulegea, hata miguu ikiwa chini. Muone kwanza mtaalamu wa tiba ya viungo alishike hilo bega kwa mikono yake. Hapa mtandaoni hakuna anayeweza kukuambia limeshika kiasi gani.

Tyubu_Tatu
Mbona hakuna anayetaja tyubu? Funga tyubu ya pikipiki kwenye chuma, weka goti, vuta. Bei ya soda mbili kwa fundi pancha.

Chuma_Mboga
Tyubu nimetumia muda mrefu, ikawa inanibeba pale chini ninapohitaji nguvu, juu inalegea. Siku nimeitoa, pale chini sikuweza hata kusogea.

Kocha_Mstaafu
Inafanya hivyo kweli, ila kuna niliowafundisha wakafika nayo. Sina ugomvi nayo. Ila tyubu ya fundi pancha ikague kila siku karibu na kiraka na kwenye mikunjo. Ikikatika inarudi usoni.

Dada, tuendelee. Ukishaweza kuning'inia sekunde 30 bila mizani, jifunze kuvuta mabega peke yake: viwiko vimenyooka, mabega yashuke mbali na masikio, mwili unapanda sentimita chache tu. Mara 5 au 6. Viwiko vikikunja, hujafanya. Zikiwa safi, sasa ndiyo ile dawa ya Chuma_Mboga: stuli, kidevu juu, shuka kwa kuhesabu 5. Tatu au nne zinatosha, siku mbili kwa wiki. Chunguza pale viwiko vinapofika pembe mraba, wengi huporomoka hapo. Ukiporomoka, siku hiyo umemaliza, usiongeze moja ya huzuni. Ukifikisha tatu za sekunde 10 bila kuporomoka popote, jaribu kupanda ukiwa hujachoka, mwanzoni mwa mazoezi.

Kiwiko kikiuma na asubuhi yake bado kinauma ukishika ndoo, punguza mzigo nusu kwa wiki moja au mbili. Usikisugue na dawa ya misuli halafu ukaendelea.

Dada_Dodoma
Asante sana kaka. Nimejaribu chuma chembamba cha shule ya jirani, sekunde 19! Swali: nikishika viganja vikinitazama naona nina nguvu zaidi. Hiyo inahesabika?

Chuma_Mboga
Haihesabiki. Hiyo ni ya mikono, siyo ya mgongo.

Kocha_Mstaafu
Mgongo unafanya kazi zote mbili. Ya viganja kukutazama inapata msaada zaidi wa misuli ya mbele ya mkono, kwa hiyo wengi huanza kuipata hiyo. Ichukue. Ila wenye viwiko au vifundo vya mikono vinavyolalamika, mara nyingi huwasumbua zaidi kwenye chuma kilichonyooka, basi usibaki nayo peke yake.

Chuma_Mboga
Kocha hapo hatutaelewana. Dada, leta mrejesho wa mizani.