Nimechoka! Idi imehamia Machi, ripoti inasema Aprili "imeshuka 26%", bajeti imekatwa

Bi_Ripoti

Wadau, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Ninatengeneza ripoti kwenye kampuni inayouza nguo mtandaoni. Wiki hii, mwanzoni mwa Mei 2025, mkuu wa idara alifungua dashibodi kikaoni akaonyesha mshale mwekundu: Aprili imeshuka kwa asilimia 26 ukilinganisha na Aprili ya mwaka jana. Hakuuliza swali hata moja. Kikao hakijaisha, bajeti ya matangazo ya miezi mitatu ijayo imeshakatwa nusu, na kijana aliyesimamia kampeni ya Aprili ametakiwa ajieleze kwa maandishi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwezi mmoja kabla, dashibodi hiyohiyo ilionyesha Machi imepanda kwa asilimia 36. Siku hiyo tulipigiwa makofi. Nilinyoosha mkono nikasema jamani, msisherehekee bado, mwaka huu Idi imekuja mapema. Nikaambiwa nina maelezo mengi.

Mwaka 2024 Idi el-Fitri kwetu ilikuwa tarehe 10 Aprili. Mwaka huu imekuwa 31 Machi. Mwaka wa kuandama kwa mwezi ni mfupi kuliko huu wa kalenda ya ukutani kwa siku kama 11, ndiyo maana Idi inarudi nyuma kila mwaka. Na nguo hununuliwa kabla ya Idi, hanunui mtu siku mbili baadaye. Kwa hiyo wiki yetu yenye oda nyingi kuliko zote mwaka jana ilikuwa 3 hadi 9 Aprili, na mwaka huu ni 24 hadi 30 Machi. Wiki nzima imetoka Aprili ikaingia Machi. Ukimya unaofuata sikukuu umeangukia Aprili miaka yote miwili, kwa hiyo Aprili ya mwaka huu imebaki na ukimya bila kilele.

Tazameni wenyewe. Oda za wiki ya kawaida naziita 100. Wiki nne kabla ya Idi mwaka 2024 zilikwenda 105, 120, 165, 240. Sikukuu ilipofika zikaanguka hadi 60, halafu 85. Mwaka huu ni 110, 128, 172, 250, kisha 64, halafu 88. Hakuna hata wiki moja kati ya hizo sita iliyokuwa chini ya mwenzake wa mwaka jana! Jumla mwaka jana 775, mwaka huu 812, yaani tumepanda karibu asilimia 5. Huyo ndiye kijana anayeandikishwa barua ya kujieleza.

Dashibodi yenyewe haijakosea hesabu. Ndani yake kuna `SAMEPERIODLASTYEAR`, na hiyo inafanya kile ilichoambiwa: inachukua tarehe zilezile za mwaka uliopita. Haijui Idi ni nini. Mimi niliweka safu moja tu ya ziada, inayohesabu kila tarehe iko siku ngapi kabla au baada ya Idi ya mwaka wake:

```
=A2-VLOOKUP(YEAR(A2),Idi!A:B,2,FALSE)
```

Karatasi ya `Idi` ina mwaka na tarehe ya Idi, basi. Siku ya Idi inatoka 0, wiki moja kabla inatoka -7. Ukishapanga kwa safu hiyo, mistari ya miaka miwili inalaliana vizuri kabisa. Ilinichukua nusu saa. Nimeituma mara mbili, haijafunguliwa.

---

Kijana_wa_Stoo

Dada pole, ila sijaelewa. Krismasi si 25 Desemba kila mwaka? Sisi tunalinganisha Desemba na Desemba miaka yote na hatujawahi kupata shida.

Bi_Ripoti

Kaka, siongelei Krismasi. Hiyo haihami, inayobadilika ni siku ya juma tu. Naongelea Idi, na Pasaka pia, maana Pasaka inaweza kuangukia popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili.

---

Mzee_Wiki52

Tatizo lako ni kulinganisha tarehe kwa tarehe. Rudi nyuma siku 364, yaani wiki 52 kamili. Jumatatu inakutana na Jumatatu, Jumamosi na Jumamosi. Sisi tulihamia huko miaka mingi iliyopita na ripoti zikatulia.

Bi_Ripoti

Mzee wangu, shikamoo. Kwa wiki za kawaida uko sahihi, nami naitumia. Lakini fanya hesabu ya siku yenyewe. Idi ya mwaka huu ni Jumatatu, 31 Machi 2025. Rudi siku 364, unatua Jumatatu, 1 Aprili 2024. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu ya Pasaka! Nitakuwa nalinganisha Idi na Pasaka, halafu nimwambie bosi ripoti imetulia.

Mzee_Wiki52

Marahaba. Hilo la Jumatatu ya Pasaka sikuliona. Hata hivyo siondoi kabisa wiki 52, maana ukipanga kwa Idi peke yake umepoteza siku za juma. Mwaka jana Idi ilikuwa Jumatano, mwaka huu Jumatatu. Kwa hiyo -2 yako mwaka huu ni Jumamosi, na mwaka jana ilikuwa Jumatatu.

Bi_Ripoti

Hapo umenishika. Ndiyo maana najumlisha wiki nzima nzima, -7 hadi -1, ili kila fungu liwe na kila siku ya juma mara moja. Siku mojamoja siziamini.

---

Kocha_Mazoezi

Mimi nina ukumbi wa mazoezi na nimesoma hapa mpaka jasho limenitoka. Machi mwaka huu mahudhurio yaliporomoka, nikaamini wateja wamehamia ukumbi mpya wa jirani. Nilikuwa nimeshapanga kumpunguza mwalimu wa jioni. Sasa ndiyo nagundua Ramadhani mwaka huu imechukua karibu Machi nzima, wakati mwaka jana ilikuwa na siku kama 20 tu ndani ya Machi, nyingine zikawa Aprili. Je, nami nihesabu wiki nne kabla ya Idi?

Fundi_Mfululizo

Kocha, usichukue dirisha la dada kama lilivyo. Kwake watu wanakimbilia kununua, na kasi inapanda kadiri Idi inavyokaribia. Kwako mwezi mzima wa mfungo unashusha mahudhurio, kisha baada ya Idi watu wanarudi. Anza kuhesabu tangu siku ya kwanza ya Ramadhani: linganisha wiki ya kwanza ya mfungo na wiki ya kwanza ya mfungo wa mwaka jana, uendelee hivyo hadi wiki mbili baada ya Idi. Halafu tazama jioni peke yake. Inawezekana watu hawakuondoka, wamehama saa tu. Usimguse mwalimu kabla hujaona hilo.

---

Afisa_Mipango

Nawaelewa, lakini nami naketi upande wa pili wa meza. Wakubwa wanataka namba moja, hawataki somo la mwezi kuandama. Jumlisha Machi na Aprili, toa namba moja, yaishe.

Bi_Ripoti

Nimejumlisha. Inatoka asilimia 4 juu, karibu sawa na hesabu ya Idi. Mbona wewe umewaza hivyo kwa dakika moja na bosi wangu hakuwaza? Ila kwetu malengo yanapimwa kwa robo ya mwaka. Machi ni robo ya kwanza, Aprili robo ya pili. Wiki iliyohama imevuka mpaka wa robo, kwa hiyo robo ya kwanza imeonekana ya kishujaa, na robo ya pili imeanza ikiwa na deni ambalo hakuna aliyelikopa.

Na mwakani Idi inatarajiwa karibu na 20 Machi. Hapo ukimya wa baada ya sikukuu utaingia ndani ya Machi, na sehemu ya maandalizi itarudi hadi Februari. Machi 2026 itaonekana mbaya mbele ya Machi 2025, hata kama tumefanya vizuri zaidi. Ukijumlisha Machi na Aprili mwakani, utaikosa Februari. Mwaka ujao atajieleza nani?

---

Fundi_Mfululizo

Dada, nakuunga mkono kwa kiasi kikubwa, lakini hiyo asilimia 5 usiipeleke kama ushahidi wa mwisho. Kuna mambo mawili yamejificha ndani yake.

La kwanza ni mshahara. Kwa wanaolipwa mwisho wa mwezi, mwaka huu mshahara umeingia katika wiki ileile ya mwisho kabla ya Idi. Mwaka jana, kufikia wiki hiyo pesa zilikuwa zimekaa siku kumi na kitu, wengine walishazitumia. Kwa hiyo 250 yako dhidi ya 240 inaweza kuwa kazi ya mshahara, si ya kampeni.

La pili ni Pasaka. Mwaka jana ilikuwa 31 Machi, siku kumi kabla ya Idi, kwa hiyo 165 yako ya wiki ya pili kabla ya Idi ina wanunuzi wa Pasaka ndani yake. Mwaka huu Pasaka imekuwa 20 Aprili, nje kabisa ya wiki zako sita.

Na fomula yako itakuja kuvunjika. Mwaka 2033 utakuwa na Idi el-Fitri mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. `VLOOKUP` itachukua tu ile iliyoandikwa kwanza. Tafuta Idi iliyo karibu zaidi na tarehe badala ya Idi ya mwaka. Tena andika tarehe ambayo Idi ilisaliwa kweli huko waliko wateja wako, usiandike iliyotabiriwa, maana mwezi ukichelewa kuandama siku moja, wiki yako ya kilele inakatwa vibaya.

Afisa_Mipango

Si kuna programu za kusafisha haya yote?

Fundi_Mfululizo

Zipo. X-13ARIMA-SEATS inayo Pasaka tayari ndani yake. Idi unaiundia mwenyewe kwa orodha ya tarehe. Lakini inataka miaka kadhaa ya data. Dada, una miaka mingapi?

Bi_Ripoti

Mitatu. Na wa kwanza mfumo ulikuwa mpya, oda nyingine ziliandikwa kwa mkono.

Fundi_Mfululizo

Basi kwa miaka mitatu huwezi kutenganisha Idi na mshahara kwa uhakika. Unachoweza kufanya ni kuwatenga wateja wanaonunua mwisho wa mwezi kila mwezi, hata kusipokuwa na sikukuu, uone kama ni wao waliopandisha wiki ya mwisho.

Bi_Ripoti

Asante sana, hilo naweza. Kikao ni Jumatatu. Sitasema tumepanda asilimia 5. Nitaweka wiki sita za miaka yote miwili upande kwa upande, na alama ya Pasaka na ya siku ya mshahara juu yake, na nitasema wazi kwamba asilimia 26 haipimi kazi ya yule kijana. Barua yake inatakiwa mezani Jumatatu hiyohiyo saa nne, kwa hiyo nimeomba kuzungumza saa tatu. Bado sijajibiwa.

Kocha_Mazoezi

Nimetazama jioni kama nilivyoambiwa. Saa moja usiku imeshuka kweli, lakini saa tatu usiku imejaa kuliko mwaka jana. Mwalimu anabaki. Fundi, sasa na hizi wiki mbili baada ya Idi, nianze kuhesabu siku ya Idi yenyewe au siku niliyofungua tena?