Ratiba ya mgao wa maji: nyekundu na kijani, bluu na chungwa, au nyeusi juu ya njano?

Kibao_Mtaa: Wakuu, nachapa ratiba ya mgao wa maji, A3, ya kubandika ofisi ya mtaa. Siku za maji tumezoea kijani, siku za kukosa nyekundu, na mjumbe mmoja wa kamati hazitofautishi kabisa. Nichague bluu #0072B2 na chungwa #D55E00, au niandike kwa nyeusi juu ya njano, au nibaki na zile zile ila nizikoleze?

Bi_Salma: Mama yangu ana mtoto wa jicho, rangi hazimsumbui, shida yake ni herufi ndogo. Kuza herufi mwanangu.

ChapaKazi: Pima namba, acha kubahatisha. Tofauti ya mwanga kati ya herufi na rangi ya nyuma yake: maandishi ya kawaida yanataka 4.5:1, makubwa 3:1. Nyekundu kamili juu ya nyeusi inatoa 5.25:1. Imepita, tena inavutia.

Mchoraji_Tanga: Hesabu yako sawa, ila fomula hiyo inakadiria mwanga kwa jicho la kawaida. Wapo ambao nyekundu kwao hufifia hadi kukaribia nyeusi, kwa hiyo tangazo lako watalipita wakidhani ni bango tupu. Kukoleza nako hakusaidii: #FF0000 juu ya #008000 ni kama 1.28:1 tu.

Kibao_Mtaa: Basi bluu na chungwa?

Mchoraji_Tanga: Wengi wenye tatizo la nyekundu na kijani watazitofautisha bila shida. Juu ya karatasi nyeupe bluu hiyo ni kama 5.2:1, chungwa 3.9:1, yaani chungwa itumie kwa herufi kubwa tu. Lakini zenyewe kwa zenyewe ni 1.3:1. Balozi akitoa fotokopi ya nyeusi na nyeupe, zote mbili zinakuwa kijivu kile kile na ratiba imekufa.

Mimi ningefanya hivi: siku ya maji, kisanduku kijazwe bluu, ndani neno MAJI kwa herufi nyeupe nene. Siku ya kukosa, kisanduku kiachwe cheupe chenye mpaka mweusi, ndani HAKUNA kwa nyeusi. Chungwa iache kabisa. Kabla ya kuchapa nakala zote, toa fotokopi moja, simama hatua kadhaa uisome.

ChapaKazi: Kwenye nyekundu juu ya nyeusi nimekubali. Ila nyeusi juu ya njano bado naitetea, inasomeka kuliko zote.

Mchoraji_Tanga: Inasomeka sana mkuu. Ila ratiba ina hali mbili, na njano kwenye fotokopi hutoka karibu nyeupe. Itumie kwenye kichwa cha tangazo.

Duka_la_Kona: Langu nilibandika ukutani kwenye jua, wino wa njano na mwekundu ukapauka, bluu ikabaki. Hiyo ya kwenu itakaa ndani au nje?

Kibao_Mtaa: Nje, ukuta wa magharibi. Nachapa ya Mchoraji, ingawa mwenyekiti bado anataka nyekundu yake.