Viini vya mayai vimetoka friza vimekuwa kama mpira, naomba ushauri

Mama_Visheti (Ngamiani, Tanga)
Habari za jioni wapendwa. Wiki iliyopita nilikuwa na oda ya keki ya harusi, aisingi niliipiga kwa ute, nikabakiwa na viini 16 kwenye bakuli. Kuvitupa roho ikakataa. Nikavimimina kwenye kopo la plastiki, nikafunika, nikatia friza.

Jana nikavitoa nipike mkate wa mayai. Barafu imeyeyuka yote lakini viini havijarudi kuwa viini. Ukichota kwa kijiko vinakatika kama halua, alama ya kijiko inabaki pale pale. Nimepiga kwa mashine, nimepata chengachenga za njano. Harufu haina neno lolote. Je, vimeoza? Na jirani yangu anapunguza kuku wake wa mayai, anataka kuniachia trei 3 kwa mpigo. Nikitaka kuyagandisha nifanyeje?

Kuku_Muheza
Dada, usithubutu kugandisha. Yai likiingia baridi ya friza halitotoi tena, mbegu inakufa. Weka sehemu yenye ubaridi wa wastani, ncha nyembamba chini, na lisizidi wiki moja kabla ya kuatamishwa.

Mama_Visheti
Ahsante kaka, ila haya ni ya kula. Hata jogoo hawana pale kwa jirani 😂

Shoga_wa_Makorora
Hukutia chumvi shoga, ndiyo kisa. Mimi kila yai linaloingia friza natia chumvi, liwe kiini, liwe ute, liwe zima. Na nikiwa na haraka silivunji, natia na ganda lake hivyo hivyo.

Jikoni_Raskazone
Shoga wa Makorora kwenye kiini na yai zima lililovunjwa yuko sawa, kwenye ute na ganda hapana. Nimekaa jiko la keki hotelini miaka mingi, acha nieleze polepole.

Mama Visheti, viini vyako havijaoza. Kiini kina mafuta yaliyofungwa pamoja na protini. Kikishuka chini ya nyuzi 6 chini ya sifuri, maji yanageuka barafu, na zile protini zinabanana na kushikana. Barafu ikiyeyuka maji yanarudi, lakini zenyewe haziachiani tena. Friza ya nyumbani iko kama nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna namna ya kukwepa usipotia kitu. Chumvi au sukari ndiyo inayozuia zisishikane hivyo.

Viini vyako 16 vinajaza kikombe kimoja hivi. Kikombe hicho kinataka nusu kijiko cha chai cha chumvi, AU kijiko kimoja na nusu cha chakula cha sukari. Usitie vyote viwili. Koroga taratibu kwa uma mpaka chumvi au sukari iyeyuke, usipige povu, maana hewa ikiingia juu panakauka. Vya keki na kastadi tia sukari, vya kukaangia au mchuzi tia chumvi. Halafu andika juu ya kopo! Siku moja kijana wetu alipika kastadi ya wageni 40 kwa viini vya chumvi. Kopo halikuwa na maandishi. Mpishi mkuu alionja kijiko kimoja akanyamaza, na sisi tulijua maana ya ule ukimya.

Vikiyeyuka vitakuwa vizito kidogo kuliko vibichi, lakini vinatiririka kutoka kwenye kijiko kama asali. Visipotiririka, ama kipimo kilikuwa kidogo ama hukukoroga vizuri.

Ute hautaki chochote. Ugandishe peke yake, ukitoka unaumuka vizuri, hasa ukiuacha nusu saa nje ya friji kabla ya kupiga. Ila ukiuchafua na tone la kiini hautaumuka, uwe umegandishwa au haukugandishwa.

Shoga_wa_Makorora
Na ganda je? Mimi halijanipasukia.

Jikoni_Raskazone
Una bahati. Yai likiganda linatanuka, ganda linapata ufa ambao pengine huuoni, na uchafu wa nje unapita hapo. Na hata lisipopasuka, kiini ndani kimeshakuwa mpira kama cha mwenzio. Ukilikuta limepasuka humo friza, tupa.

Mama_Visheti
Sasa zile trei 3 nitenganishe yote? Mayai 90 nitakesha.

Jikoni_Raskazone
Usitenganishe. Vunja moja moja kwenye kibakuli kwanza ulinuse, ndipo ulimwage kwenye bakuli kubwa. Koroga mpaka kiini na ute vichanganyike tu. Kwa kila kikombe tia nusu kijiko cha chai cha chumvi au kijiko kimoja na nusu cha sukari, kama ilivyo kwa viini. Kisha pima kwa matumizi yako: vijiko 3 vya chakula ni yai moja. Kama mkate wako ni wa mayai 6, funga vijiko 18 kwenye mfuko mmoja, acha nafasi ya kutanuka. Andika tarehe, ndani ya mwaka uwe umemaliza.

Baharia_Bagamoyo
Mimi huyeyusha kwenye maji ya moto, dakika 5 tayari.

Jikoni_Raskazone
Pembeni linaanza kuiva, katikati bado barafu. Lihamishe usiku kutoka friza kwenda friji, juu ya sahani, asubuhi liko tayari. Ukiwa na haraka, mfuko uliofungwa vizuri uweke chini ya bomba la maji baridi. Mezani usiache, joto letu la Tanga linajulikana. Na likishayeyuka litumike siku hiyo hiyo. Friza haiui salmonela, inawalaza tu. Kwa hiyo mayai haya ni ya kupikwa mpaka yaive kabisa, siyo ya mayonezi wala aisingi mbichi.

Mama_Visheti
Mh! Ute ndio nilitaka kuuweka kwa ajili ya aisingi.

Fundi_Keki_Chumbageni
Mimi aisingi ya ute wa friza napiga miaka, hakuna mteja aliyelalamika.

Jikoni_Raskazone
Hata aisingi ya ute mbichi wa leo ina hatari hiyo hiyo, sijasema friza ndiyo inaileta. Mimi ute wa friza naupeleka kwenye keki nyeupe na biskuti za nazi, vitu vinavyoingia oveni. Keki ya harusi italiwa na watoto, wazee na wajawazito.

Fundi_Keki_Chumbageni
Basi ungetuambia tutumie nini, maana ute wa unga haupatikani kila duka.

Bi_Mkubwa_Mzingani
Wanangu, na umeme ukikatika? Juzi kwangu ulikatika usiku, asubuhi nimekuta mifuko yangu imelegea.

Jikoni_Raskazone
Shikamoo Bi Mkubwa. Ukikuta ndani bado kuna chembe za barafu, unaweza kurudisha, ingawa ubora utapungua. Ukikuta ni maji matupu na yana vuguvugu, na hujui yamekaa saa ngapi, mwaga. Zaidi ya saa 2 kwenye joto sithubutu.

Mama_Visheti
Mrejesho. Vile 16 nilivitia kwenye blenda na maziwa baridi kidogo, nikachuja, nikapika kastadi mpaka ikachemka. Kwenye kichujio zilibaki chenga kama vijiko 2, nikawapa paka. Rangi nzuri sana, ila ulimini inasikika kama unga uliosagwa vibaya. Watoto wamekula, mume kauliza ni uji gani. Jumamosi nakwenda kuchukua trei.

Baharia_Bagamoyo
Na mayai ya bata je? Kiini chake ni kikubwa, kipimo cha chumvi ni kile kile?