Msaada wa haraka: Old Fashioned yangu inakuwa maji, shughuli ni Jumamosi. Nikoroge au nitikise?

Mpambe wa Kaunta
Wakuu habari za jioni. Nimekabidhiwa kaunta kwenye sherehe ya mzee mmoja anayestaafu, na kinywaji alichochagua mwenyewe ni Old Fashioned. Jana nilimpelekea ya kuonja. Akanywa funda moja, akairudisha glasi mezani, akasema, "Kijana, hii imenyeshewa." Tangu hapo sina usingizi.

Viungo ni vile vile vya siku zote: wiski ya Kimarekani ya asilimia 40, sirapu ya sukari, bita na ganda la chungwa. Napima mililita 60, natia kwenye sheka na barafu, natikisa sekunde 15, nachuja kwenye glasi yenye barafu mpya. Nasikia Old Fashioned hukorogwa, haitikiswi. Kuna sababu ya kweli au ni mazoea ya hotelini tu? Wageni wanapenda kuona sheka ikipigwa, ndiyo maana nauliza.

Tungi Taratibu
Haitikiswi mkuu. Ukiitikisa unaiumiza wiski, ladha yake inavunjika. Koroga taratibu, utaona tofauti.

Kijiko Kirefu
Ushauri wa kukoroga ni sahihi, ila sababu siyo hiyo. Wiski haiumii. Sheka inafanya mambo mawili: inaingiza hewa na inavunja barafu. Hewa inageuka viputo vidogo sana, kinywaji kinakuwa na ukungu na mdomoni kinakuwa chepesi chenye povu. Chembe za barafu nazo zinaendelea kuyeyuka hata baada ya kuchuja. Kwenye kinywaji chenye ndimu, maziwa au ute wa yai mambo hayo tunayatafuta kwa makusudi. Old Fashioned haina chochote cha kushika hizo hewa. Inatakiwa iwe angavu na nzito, iteleze ulimini.

Halafu kuna maji. Watu huyaona maji kama uharibifu, wakati ni kiungo kamili. Gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilieleza kokteli ni nini mwezi Mei 1806, na likataja vitu vinne: pombe kali, sukari, maji na bita. Kwa hiyo swali ni maji kiasi gani.

Chukua glasi moja. Wiski mililita 60, sirapu nzito (sukari mbili kwa maji moja) mililita 5, bita ukiipiga mara 2 ni kama mililita moja na nusu. Kabla ya barafu mchanganyiko huo una nguvu ya asilimia 37 hivi. Ukinywa hapo pombe inachoma na kuziba kila kitu, bita huisikii, sukari inakaa peke yake. Ikiingia mililita 15 ya maji unashuka asilimia 30, na hapo harufu ya mbao, chungwa na viungo vya bita vinafunguka. Ukitikisa kwa nguvu zinaweza kuingia mililita 35, unafika asilimia 24. Pombe imepungua, lakini usisahau sukari na bita navyo vimepungua kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana ukiongeza sirapu hakiponi, kinakuwa maji matamu.

Ila asilimia 24 bado siyo "imenyeshewa". Kuna kitu hujatuambia. Barafu yako ni ya namna gani, na wiski inakaa wapi kabla hujaipima?

Zuhura wa Pasheni
Samahani naingilia. Mimi nauza juisi ya pasheni na ndimu, haina pombe kabisa, natikisa na barafu na nusu ya wateja wanasema imepooza. Kwa hiyo na mimi nianze kukoroga?

Kijiko Kirefu
Hapana dada, wewe endelea kutikisa, juisi ya pasheni inapendeza ikiwa na povu. Ila itengeneze kali na tamu kuliko unavyotaka imfikie mteja, kwa sababu maji yanakuja. Baridi pia inapunguza utamu ulimini. Ukionja ikiwa ya moto wa chumbani ukasema "hapo sawa", ikipoa itakuwa pungufu.

Mpambe wa Kaunta
Barafu ni ya mfuko, namwaga kwenye ndoo na kuchota humo. Wiski ipo kwenye kreti, chumba hakina kiyoyozi. Lakini nadhani tusihangaike sana na hayo. Sheka nimenunua mbili, na mwenye shughuli alishaambiwa kutakuwa na maonyesho kidogo. Wiski ipo chupa 4 za mililita 750, nimepiga hesabu inatoka glasi 68. Nachotaka kujua ni kama naweza kutikisa sekunde chache, tuseme 5, bila kuharibu.

Kijiko Kirefu
Hayo ndiyo ya kuhangaikia. Barafu iliyokaa ndooni imelowa. Maji yaliyoshikamana na vipande vyake yanaingia kwenye kinywaji bila kupoza chochote, na kadiri vipande vinavyokuwa vidogo ndivyo vinavyobeba maji mengi. Iweke kwenye chujio, ikung'ute, maji yatoke kabla ya kuitumia. Kitu kidogo hicho, lakini kinaokoa mililita kadhaa kila glasi.

Joto nalo. Barafu hupoza kwa kuyeyuka, haina njia nyingine ya maana. Glasi moja ikianzia nyuzi 30 badala ya 20, barafu italazimika kuyeyuka mililita 7 zaidi ili kufika baridi ile ile. Hiyo ni nusu ya maji yote unayoyahitaji, na hujakoroga hata mara moja. Weka wiski kwenye friji.

Tungi Taratibu
Au anunue barafu kubwa, ile ya bonge moja. Ile haiyeyuki.

Kijiko Kirefu
Inayeyuka mkuu, ila polepole, kwa sababu sehemu inayogusana na kinywaji ni ndogo. Ukianza na kinywaji cha moto juu ya bonge, utasubiri sana kipoe, na kikishapoa maji yaliyoingia yatakuwa karibu yale yale. Faida ya bonge ni kulinda kinywaji ambacho tayari ni baridi.

Mhasibu Mstaafu
Nimesoma kimya, lakini nina shaka. Chupa 4 za 750 ni mililita 3000. Kwa mililita 60 kila glasi ni glasi 50 kamili. Mwenzetu anasema 68. Hizo 18 zimetoka wapi? Wiski haizaani. Kwangu hii ni chai, mtu katunga kisa ili uzi uende.

Bandari Salama
Hata mimi hapo pamenikwama. Na mzee kusema "imenyeshewa" ni maneno matamu mno kwa mtu aliyekasirika.

Mpambe wa Kaunta
Sijatunga kitu. Na hesabu yangu iko sawa. Sikusema kwa sababu niliona haihusiani na swali la kukoroga au kutikisa. Nimeshachanganya kila kitu kwenye ndoo safi yenye mfuniko, tangu Jumatatu, ili siku yenyewe nisichelewe. Wiski chupa 4, sirapu mililita 250, bita 80, maji ya kunywa 750. Nilisoma kwamba ukichanganya kwa wingi unaweka maji robo ya wiski. Jumla 4080, gawanya kwa 60, glasi 68. Njia ni sahihi na siwezi kumwaga wiski ya watu.

Kijiko Kirefu
Hapo sasa. Mhasibu ametusaidia kuliko alivyokusudia.

Njia ni sahihi na vipimo vyako ni vizuri. Huo mchanganyiko wa ndooni una asilimia 30, yaani ni Old Fashioned iliyokwisha, maji yake yote yamo. Umekosea mara mbili baada ya hapo. Kwanza, unapima 60 ukidhani ni wiski, kumbe ndani yake wiski ni mililita 44 tu. Pili, kinywaji kilichokwisha pata maji unakitikisa na barafu iliyolowa, kikiwa na joto la chumba. Ongeza mililita 35 juu ya hizo 60: mzee alikunywa kitu cha asilimia 19, chenye bita na sukari ya glasi isiyojaa. Amekuwa mkweli kwako.

Kwa hiyo usitikise, na hata kukoroga kwa kupoza huhitaji tena. Jaza mchanganyiko kwenye chupa, uweke kwenye friji usiku kucha. Usiache usiku kucha kwenye friza, kwa asilimia 30 itaanza kuganda na kuwa uji wa barafu. Siku yenyewe tingisha chupa kidogo ili sirapu isikae chini, pima mililita 82, mimina juu ya bonge moja la barafu lililokung'utwa, zungusha kijiko mara tano au sita, kamulia mafuta ya ganda la chungwa juu. Ikitoka friji kwenye nyuzi 4, barafu itatoa kama mililita 5 tu. Ukimimina hiyo hiyo ikiwa na nyuzi 30, itatoa karibu 30.

Usiniamini, pima. Weka glasi na barafu kwenye mizani ya jikoni, rudisha sifuri, mimina 82, itasoma gramu 80 hivi. Baada ya dakika mbili chuja kinywaji kwenye glasi nyingine kavu uliyokwisha ipima. Kilichozidi ni maji ya barafu.

Tungi Taratibu
Si aongeze tu chupa ya wiski humo ndooni, amalize?

Kijiko Kirefu
Akiongeza wiski peke yake sukari na bita vinabaki nyuma. Na hakuna cha kurekebisha ndooni.

Bandari Salama
Mimi ningeweka maji 600, siyo 750. Sherehe ina mazungumzo, mtu anakaa na glasi nusu saa, barafu itamalizia kazi.

Kijiko Kirefu
Ni hoja nzuri. Anayekunywa haraka ataiona kali, anayekunywa polepole atakushukuru. Mimi kwa wazee naacha 750, lakini sigombani na mtu wa 600.

Mpambe wa Kaunta
Nimepima usiku huu. Kutoka friji juu ya bonge, ilizidi gramu 6. Ile ya ndooni moja kwa moja na barafu ya mfuko, nikatikisa sekunde 15, ilizidi 38. Nimeonja zote mbili, sina la kubisha.

Tatizo sasa ni glasi 50 na wageni ni 60. Nanunua chupa ya tano: sirapu 60, bita 20, maji 190?

Bandari Salama
Maji 150 kwa hiyo ya tano, halafu muoneshe mzee zote mbili achague mwenyewe.

Mhasibu Mstaafu
Chupa tano ni 3750, gawanya kwa 60, glasi 62 na mabaki. Hesabu imekaa. Bado huyo mzee simwamini.

Zuhura wa Pasheni
Mpambe, sheka moja kama huihitaji niuzie.