Naomba ushauri: mahojiano yangu yanafanya kazi, au ni pambo la dodoso?

Mwanauzamili: Habari zenu wanajukwaa. Tasnifu yangu inachunguza kwa nini baadhi ya wajawazito huanza kliniki baada ya wiki ya 12. Nina madodoso 180 na mahojiano 12, lakini msimamizi ameandika pembeni ya sura ya tatu: "Mahojiano haya yanafanya kazi gani?" Nilimjibu kwamba yanaongeza uzito, naye hakuridhika.

Mtakwimu: Kumi na wawili ni wachache mbele ya 180. Wafikishe 50.

Mama Salma: Mimi nilichelewa kwa sababu mtoto wa kwanza alikuwa bado ananyonya, nikaona aibu. Usiyaondoe mahojiano, mwanangu.

Mkufunzi Mstaafu: Idadi si tatizo. Funika kurasa za mahojiano, kisha usome hitimisho lako; kama halibadiliki hata neno, ni pambo. Maswali yake uliyatoa wapi?

Mwanauzamili: Ni yale yale ya dodoso, ila akina mama walieleza zaidi. Nilimaliza wote siku moja, na wengi walitaja umbali kama kwenye dodoso. Je, huo si uthibitisho?

Mdadisi: Samahani, nina shaka kama kisa hiki ni cha kweli. Tuseme kila moja ni dakika 40: mahojiano 12 ni saa nane bila kupumzika.

Mwanauzamili: Ni cha kweli, ndugu yangu. Kila moja lilichukua kama dakika kumi, kwenye foleni ya kliniki, na muuguzi ndiye aliyenichagulia akina mama. Sikuwa na nauli ya kurudi, na zimebaki wiki sita.

Mkufunzi Mstaafu: Ukiuliza swali lile lile, mahali pale pale, muuguzi akisikia, utapewa jibu lile lile; kwa hiyo kufanana huko hakuthibitishi umbali. Je, dodoso liliuliza wanatembea muda gani hadi kituoni?

Mwanauzamili: Ndiyo. Wapo 31 wanaotembea chini ya nusu saa, na bado walitaja umbali.

Mkufunzi Mstaafu: Hilo ndilo fumbo ambalo dodoso haliwezi kulifumbua. Kama hukuandika majina, hutawapata hao 31, lakini tafuta wanane wanaofanana nao, uwafuate nyumbani, na usiwaulize "kwa nini"; mwombe kila mmoja asimulie tangu alipojitambua kuwa ni mjamzito hadi siku ya kwanza ya kliniki. Labda utasikia habari za mto usiovukika wakati wa masika, na umbali utabaki. Labda utasikia jambo jingine. Kwa kuwa mahali na maswali yamebadilika, omba kwanza marekebisho ya kibali cha maadili.

Mama Salma: Kwangu hadi kituoni ni dakika kumi. Dodoso lako lingenifikia, ningetia tiki kwenye umbali.

Mwanauzamili: Nitaandika barua ya kibali kesho. Yale 12 niyafute?

Mtakwimu: Yafute.

Mkufunzi Mstaafu: Mimi ningeyaacha, nikaeleza wazi yalivyopatikana. Muulize msimamizi wako.